Programu, Kadi au Cheti cha Gari: Kuchagua Mtandao wa Kuchajia Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Kituo cha umma cha kuchajia gari la umeme hakitoi stima mpaka kijue nani atalipa. Kebo inaweza kuwa imechomekwa sawasawa, taa inawaka, gari linaonyesha kwamba limeunganishwa, na bado hakuna umeme wowote unaoingia kwenye betri. Swali la nani atalipa hujibiwa kwa njia tatu: programu iliyo kwenye simu ya dereva, kadi inayoguswa kwenye chaja, au cheti cha kidijitali kilichohifadhiwa ndani ya gari lenyewe. Njia hiyo ya tatu huandikwa Plug & Charge kwenye menyu za magari, na hapa itaitwa chomeka-uchaji. Anayechagua mtandao wa kuchajia anachagua jinsi jibu hilo litakavyopatikana, na hasa litakapopatikana: kwenye seva ya kampuni iliyo mbali, au papo hapo kwenye chaja. Kwa anayezunguka katikati ya Nairobi tofauti hiyo ni ndogo, kwani kituo kikikataa kipo kingine. Kwa anayesafiri kati ya Karatina, Nyeri, Nanyuki na Meru, ambako vituo ni vichache na stima ikipotea netiweki nayo huyumba, tofauti hiyo ndiyo huamua kama safari itaendelea.

Kabla ya hayo yote kuna plagi, maana mtandao mzuri wenye plagi isiyoingia kwenye gari ni kazi bure. Magari ya umeme ya Kenya yametoka pande mbalimbali za dunia na kila upande umekuja na tundu lake. Nissan Leaf iliyotumika Japani ina Type 1 kwa kuchaji polepole na CHAdeMO kwa kuchaji haraka. Leaf ya kizazi cha pili ikitoka Uingereza ina Type 2 badala ya Type 1, ingawa CHAdeMO inabaki. BYD Atto 3, ambayo huuzwa Kenya rasmi, ina Type 2 kwa polepole na CCS2 kwa haraka. Baadhi ya vyombo kutoka China huja na GB/T. Mwenye gari afungue kifuniko, atazame matundu, ayapige picha, kisha alinganishe na orodha ya vituo kwenye programu anayofikiria kujiunga nayo. Kebo ya kugeuza Type 2 kuwa Type 1 ni kitu cha kawaida na hufanya kazi vizuri kwa kuchaji polepole. Adapta ya kugeuza CCS2 kuwa CHAdeMO ipo pia, lakini ni ghali na hukataana na baadhi ya chaja, kwa hiyo isitegemewe mpaka iwe imejaribiwa kwenye chaja yenyewe inayokusudiwa.

Plagi ina uzito mwingine ambao wengi hawaufikirii. Ndiyo huamua kama chomeka-uchaji inawezekana hata kidogo. Vyeti vinavyotajwa katika kiwango cha ISO 15118 husafiri kwenye mfumo wa CCS. CHAdeMO na GB/T huzungumza na gari kwa lugha nyingine, na Leaf yenye CHAdeMO haina njia ya kujitambulisha kwa cheti. Mwenye Leaf hiyo anaweza kuusoma mjadala wa vyeti kwa ajili ya gari lake lijalo.

Programu ya simu

Mitandao ya Kenya huanza na programu ya simu. Dereva hujisajili kwa namba yake, huweka pesa kwa M-Pesa, na akifika kituoni huskani msimbo wa QR uliobandikwa kwenye chaja. Kinachofuata hakionekani kwa macho. Simu haizungumzi na chaja iliyo mbele yake. Hutuma ombi kwenye seva ya kampuni. Seva huhakiki akaunti na salio. Kisha seva hutuma amri kwenye chaja kupitia laini ya simu iliyofungwa ndani ya chaja hiyo. Katika OCPP, lugha inayotumiwa na chaja nyingi duniani kuzungumza na seva zake, amri hiyo huitwa RemoteStartTransaction. Zinahitajika basi netiweki mbili kwa wakati mmoja, ya simu na ya chaja. Dereva aliyesimama Kiganjo na netiweki ya kutosha mkononi bado anaweza kukwama kwa sababu laini ya ndani ya chaja imeishiwa bando, au kwa sababu chaja imewekwa kwenye maegesho ya chini ya jengo ambako mawimbi hayafiki.

Namna ya kuligundua hilo ni rahisi. Programu ikionyesha kwamba chaja ipo na iko huru, lakini ikizunguka tu baada ya kubonyeza kitufe cha kuanza, tatizo mara nyingi liko upande wa chaja na seva. Programu isipofunguka kabisa au ikikataa kuonyesha ramani, tatizo ni la simu. Katika hali ya kwanza kubadilisha laini ya simu hakusaidii chochote, na muda ni bora utumiwe kupiga namba ya huduma iliyoandikwa kwenye chaja, kwa kuwa aliye upande wa pili anaweza kuona kama chaja hiyo inaonekana kwenye mfumo wake.

Chaja pia ina subira yenye kikomo. Amri ya kuanza ikishafika, husubiri kebo ichomekwe kwa muda uliowekwa na kampuni, ambao aghalabu hauzidi dakika moja au mbili, kisha hufuta ombi. Anayeskani kwanza halafu akaanza kutafuta adapta kwenye buti hukuta ombi limekufa. Kwenye chaja nyingi ni salama zaidi kuchomeka kwanza, kusubiri hali ya Preparing itokee kwenye skrini au programu, ndipo kuskani. Ombi la M-Pesa linalojitokeza kwenye simu likitaka PIN nalo lina muda wake mfupi. Ikiwa pesa zimetoka na chaja haikuanza, kosa kubwa ni kulipa mara ya pili papo hapo. Ujumbe wa M-Pesa una msimbo wa muamala, na huo ndio ushahidi wa kudai marejesho.

Msimbo wa QR una hatari yake. Stika inaweza kubandikwa juu ya stika. Msimbo halali uskaniwe kutoka ndani ya programu ya mtandao husika, wala si kwa kamera ya kawaida ya simu. Ukifungua ukurasa unaotaka PIN ya M-Pesa kuandikwa kwenye kivinjari, shughuli ikomee hapo, kwa sababu PIN hiyo huandikwa kwenye ombi la M-Pesa lenyewe tu, na jina la anayelipwa huonekana kabla ya kuthibitisha.

Jambo la mwisho kuhusu programu ni pesa zinazowekwa humo. Salio kwenye programu ni pesa zilizokwisha kuondoka mikononi mwa dereva. NopeaRide, kampuni ya teksi za umeme iliyoanza Nairobi mwaka 2018 ikiwa na vituo vyake yenyewe, ilifunga kazi mwishoni mwa 2022 baada ya kampuni mama ya Finland kufilisika. Biashara hii bado ni changa na nyingine zitafungwa. Mtandao unaokubali malipo ya kila mara moja kwa M-Pesa ni bora kuliko ule unaolazimisha kuweka akiba, na panapolazimu akiba, kiasi kinachotosha safari moja kinatosha. Katika Umoja wa Ulaya suala hili limewekewa sheria: tangu Aprili 2024 chaja mpya za umma za kW 50 na zaidi hulazimika kupokea kadi za benki bila kumtaka dereva ajisajili. Kenya haihitaji kuiga kadi ya benki. Kinachohitajika ni namba ya Till iliyobandikwa chajani na inayofanya kazi.

Kadi

Kadi ya kuchajia huonekana kama kitu cha zamani, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Milimani inastahili heshima zaidi. Kadi ni namba tu. Chaja huisoma kwa kuguswa, kama geti la ofisi linavyosoma kitambulisho cha mfanyakazi, kisha huiuliza seva kama namba hiyo inakubalika. Tofauti na programu ni kwamba simu ya dereva haihusiki. Iwe imezimika, iwe haina bando, iwe imesahaulika nyumbani, kadi hufanya kazi.

La maana zaidi ni kwamba chaja inaweza kukubali kadi hata ikiwa imekatika kutoka kwa seva. OCPP inaruhusu chaja kuhifadhi orodha ya namba zinazokubalika na kukumbuka namba zilizowahi kukubaliwa hapo awali. Kampuni ikiwasha mpangilio wa LocalAuthorizeOffline, chaja isiyo na netiweki hutazama orodha hiyo, huanza kuchaji, huhifadhi vipimo vya umeme uliotolewa, na kuvituma kwenye seva mawasiliano yanaporudi. Kampuni isipouwasha, kadi nayo hugonga mwamba. Hili ndilo swali ambalo mwenye gari wa Nyeri anapaswa kumuuliza mwakilishi wa mtandao kabla ya kujiunga: chaja ikikosa netiweki, je, kadi yangu itakubaliwa? Mwakilishi asiyelielewa swali ametoa jibu. Palipo na jibu la ndiyo, kadi iguswe mapema kwenye kila kituo kitakachotegemewa, hata kama ni kwa kuchaji dakika chache, kwa sababu baadhi ya chaja hukumbuka zile tu ambazo zimeshawahi kuziona.

Udhaifu wa kadi unatokana na huo huo wepesi wake. Namba iliyo kwenye kadi nyingi husomeka kwa kifaa cha bei nafuu na inaweza kunakiliwa kwenye kadi nyingine. Kadi iliyopotea izuiwe kupitia programu siku hiyo hiyo, ingawa chaja iliyo nje ya mtandao haitajua kwamba imezuiwa mpaka iunganishwe tena. Kwa mtu binafsi hasara hiyo ni ndogo. Kwa kampuni yenye magari kadhaa inayowapa madereva kadi zisizo na kikomo cha matumizi, inafaa kadi kila moja iwekewe kiwango cha kWh au shilingi kwa siku.

Kusoma kinachoonyeshwa

Programu nyingi huonyesha hali ya chaja kwa maneno ya OCPP yenyewe bila kuyatafsiri, na maneno machache kati yake huokoa muda mwingi. Available maana yake iko huru. Preparing maana yake kebo imeingia lakini chaja bado haijapata idhini, au imepata idhini lakini kebo haijaingia. SuspendedEV maana yake chaja iko tayari ila gari ndilo linalokataa; sababu ya kawaida ni saa ya kuchaji iliyowekwa kwenye gari ili lichaji usiku nyumbani, na tiba yake ni kuizima kwenye menyu ya gari. SuspendedEVSE ni kinyume chake: gari linataka lakini chaja inazuia, labda kwa kuwa umeme wa jengo umegawanywa kwa vifaa vingine. Faulted ni hitilafu, na hapo hakuna programu wala kadi itakayosaidia.

Dereva anayeona SuspendedEV na kumpigia mwenye kituo kelele anamwonea. Hali hiyo huonekana mara nyingi kwa Leaf zilizotoka Japani zikiwa bado na ratiba ya mmiliki wa kwanza, na menyu yake yote iko kwa Kijapani.

Bei

Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iliweka kuanzia Aprili 2023 bei maalumu ya stima ya kuchajia magari: shilingi 16 kwa kila kWh saa za kawaida na shilingi 8 saa ambazo matumizi ya nchi ni machache, kabla ya kodi na tozo nyingine. Bei hiyo ni ya mwenye kituo anayenunua kutoka Kenya Power. Dereva hulipa zaidi, kwa sababu chaja yenyewe, nafasi ya maegesho na laini ya mawasiliano vinagharimu. Kinachofaa kulinganishwa ni namna ya kutoza.

Tuseme mtandao wa kwanza unatoza shilingi 50 kwa kWh bila kitu kingine, na wa pili unatoza shilingi 40 kwa kWh pamoja na shilingi 200 za kufungua kila mara. Anayechukua kWh 16 atalipa 800 kwa wa kwanza na 840 kwa wa pili. Anayechukua kWh 30 atalipa 1,500 kwa wa kwanza na 1,400 kwa wa pili. Mpaka uko kwenye kWh 20. Mwenye betri ndogo anayejaza kidogo kidogo akae na wa kwanza. Ada ya kufungua ina ubaya mwingine pale stima inapopotea katikati ya kuchaji: chaja nyingi hufunga hesabu, na stima ikirudi hudai ianzishwe upya, pamoja na ada mpya.

Kutoza kwa dakika ndiko kunakoumiza zaidi. Leaf nyingi za soko la Japani huchaji polepole kwa kW 3, nyingine kwa kW 6, hata zikichomekwa kwenye chaja iliyoandikwa kW 22, kwa sababu kikomo kiko ndani ya gari. Kwa shilingi 5 kwa dakika, gari la kW 6 hulipa shilingi 50 kwa kWh, na la kW 3 hulipa 100 kwa stima ile ile. Mwenye gari la kW 3 aepuke mtandao unaotoza kwa dakika, isipokuwa kwenye chaja ya haraka.

Jinsi chomeka-uchaji inavyofanya kazi

Kwenye chomeka-uchaji dereva hafanyi lolote zaidi ya kuchomeka. Kazi yote ya kujitambulisha hufanywa na gari na chaja kwa sekunde chache kupitia waya mwembamba ulio ndani ya plagi ya CCS. Waya huo kwa kawaida hubeba ishara nyepesi ya kuliambia gari ni ampea ngapi linaruhusiwa kuvuta. Chaja inapotaka mazungumzo ya kidijitali hupunguza mapigo ya ishara hiyo hadi asilimia 5, na gari likiona hivyo huanza kutuma data juu ya waya huo huo. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha gari linazungumza na chaja iliyoshika plagi yake, wala si ya jirani, na hilo hupimwa kwa nguvu ya mawimbi: yenye mawimbi yaliyopungua kidogo zaidi ndiyo iliyounganishwa.

Baada ya hapo chaja hutoa cheti chake. Gari hukikagua kuona kama kimetiwa saini na mamlaka ambayo gari limefundishwa kuiamini tangu kiwandani. Cheti kikikubalika, mazungumzo husimbwa ili asiyehusika asiyasome. Kisha gari hutoa cheti chake cha mkataba, ambacho ndani yake mna namba ya mkataba wa malipo. Lakini cheti ni hati ya wazi na kinaweza kunakiliwa, kwa hiyo chaja haitosheki nacho. Hutuma namba ya kubahatisha ambayo haijawahi kutumika. Gari huitia saini kwa ufunguo wa siri usiotoka kamwe ndani ya kompyuta yake. Chaja huhakiki saini hiyo kwa cheti. Mwizi aliyenakili cheti bila ufunguo hawezi kutoa saini. Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya njia hii na kadi: kadi husema namba yake kwa yeyote anayeiuliza, gari huthibitisha kwamba namba ni yake.

Cheti cha mkataba huingia kwenye gari kwa njia ndefu kidogo. Gari hutoka kiwandani na cheti cha kuzaliwa, chenye namba inayoitwa PCID. Mmiliki huipa kampuni ya kuchajia namba hiyo anapofungua mkataba. Kampuni hutengeneza cheti cha mkataba, hukifunga kwa namna ambayo gari hilo pekee linaweza kukifungua, na kukiweka kwenye hazina ya mtandaoni. Gari hukichukua kupitia laini yake ya simu, au kupitia chaja siku ya kwanza linapochomekwa. Katika toleo la ISO 15118-2, la mwaka 2014, cheti hicho hakidumu zaidi ya miaka miwili, kisha hubadilishwa kwa njia hiyo hiyo.

Pande tatu lazima ziafikiane, basi: mtengenezaji wa gari, kampuni yenye mkataba na mwenye chaja, na wote wawe chini ya mamlaka moja ya vyeti. Huko Ulaya kazi ya kuwaunganisha imefanywa zaidi na Hubject, kampuni ya Berlin iliyoanzishwa 2012. Gari lililonunuliwa Uingereza likaja Mombasa melini huenda likawa na kila kifaa kinachohitajika, na bado huduma ya mtandaoni ya mtengenezaji isifanye kazi Kenya, PCID isipokelewe na kampuni yoyote ya hapa, na chaja ya Nanyuki isiwe na cheti. Kikikosekana kiungo kimoja, gari hurudi kwenye programu au kadi bila kelele, na mmiliki huona tu kwamba Plug & Charge haikuanza.

Hata palipo na viungo vyote, stima inayopotea mara kwa mara huleta tatizo la saa. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Chaja iliyozimika ikawaka ikiwa imesahau tarehe, kabla ya kuipata upya kutoka kwa mtandao, inaweza kukikataa cheti halali kama ambacho muda wake haujaanza. Dalili yake ni kwamba kadi inakubalika lakini gari linakataliwa.

Kuna njia ya mkato iitwayo Autocharge, na baadhi ya mitandao huiuza kana kwamba ni kitu kimoja na chomeka-uchaji. Si kitu kimoja. Autocharge hutumia namba ya kudumu ya kifaa cha mawasiliano kilicho ndani ya gari la CCS, na seva huihusisha namba hiyo na akaunti ya dereva baada ya kuchaji mara ya kwanza kwa programu. Haina saini wala cheti, kwa hiyo usalama wake ni kama wa kadi, na baadhi ya magari hubadilisha namba hiyo kila mara na hivyo hayawezi kuitumia kabisa. Hata hivyo haihitaji mtengenezaji wala mamlaka ya vyeti, na kwa sababu hiyo ni rahisi zaidi kwa kampuni ndogo ya Kenya kuianzisha. Atakayepewa aikubali kwa urahisi wake, huku programu ikiwekewa arifa ya kila mara gari linapoanza kuchaji.

Anayenunua gari la CCS lililotumika afungue menyu ya kuchaji na kufuta mkataba wowote aliouacha mmiliki wa awali. Anayeuza lake afanye vivyo hivyo na kumfahamisha mwenye mkataba, kwa sababu cheti kinabaki kwenye gari na bili inamfuata aliyesaini.

Mfano: Nairobi, Nyeri, Nanyuki

Chukua Leaf ya kWh 40 iliyotoka Japani, ambayo betri yake kwa umri imebaki na kWh 34. Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni kama kilomita 150. Kwa kWh 16 kwa kilomita 100, safari hutumia 24, na mteremko hadi Sagana kisha kupanda tena kupitia Karatina huongeza kama 1. Gari linafika Nyeri na kWh 9. Nanyuki iko kilomita 60 mbele na juu zaidi, hivyo inadai kama kWh 11. Kuchaji Nyeri hakuepukiki.

Dereva huyu atafute kituo kabla ya kuondoka, akiwa na mtandao mzuri wa nyumbani. Ramani ya PlugShare, ambayo watumiaji wenyewe huijaza, huonyesha plagi na pia tarehe ya mtu wa mwisho aliyefaulu kuchaji hapo. Tarehe ya wiki iliyopita ina thamani kuliko tangazo lolote. Apigie kituo simu, aulize mambo mawili: kama kuna CHAdeMO, na kama chaja iliwaka leo. Apakue programu ya mtandao huo na ya mwingine wa akiba, ajisajili kikamilifu mpaka M-Pesa ikubali, na achukue kadi ikiwa ipo. Kujisajili ukiwa tayari kituoni, ukisubiri ujumbe wa kuthibitisha namba, ndiko kunakopoteza muda zaidi kuliko kuchaji kwenyewe.

Akikuta CHAdeMO ya kW 50, kWh 16 zitaingia kwa takriban nusu saa, na hatajali bei ya dakika. Akikuta chaja ya polepole tu na gari lake ni la kW 3, atakaa zaidi ya saa tano. Vyovyote vile ataondoka na kWh 25 na kufika Nanyuki na 14. Huko akilala kwenye nyumba ya wageni yenye soketi ya kawaida ya pini tatu, kebo ya kubebeka ikivuta ampea 10 kwa volti 240 hutoa kW 2.4, na kwa usiku wa saa kumi betri itajaa. Hapo idhini hutolewa na mwenye nyumba kwa mdomo. Bei iafikiwe mapema kwa kWh, kwani yeye ananunua tokeni, na soketi iguswe baada ya nusu saa: ikiwa moto, kuchaji kusimamishwe. Kurudi Nairobi moja kwa moja, karibu kilomita 200, kungemaliza betri karibu yote; asimame Karatina au Sagana.

Katika safari hiyo nzima hakuna mahali ambapo chomeka-uchaji ingelisaidia gari hilo. Mwenye gari la CCS2 naye, kwa sasa, asilipe shilingi ya ziada kwa mtandao unaoitangaza, mpaka aonyeshwe gari la aina yake likichaji kwa njia hiyo kwenye chaja ya Nyeri au Nanyuki. Achague mtandao ambao plagi yake inaingia, unaopokea M-Pesa bila akiba, na ambao kadi yake inakubalika chaja ikikosa netiweki. Na ikibidi kuacha moja kati ya hayo, liachwe la akiba.